Bango Lasema Hili, Bilauri Yasema Lile

Pwani yetu siku hizi imeingiwa na maduka ya juisi na mikahawa midogo ya vijana, na biashara hiyo si haba. Joto tunalo, matunda tunayo, na watu wetu tangu zamani ni watu wa kukaa barazani na kikombe mkononi. Hapana la kulaumu katika hilo. Linalofaa kutazamwa ni majina.

Simama mbele ya duka moja la aina hiyo utazame vizuri. Juu ya mlango pameandikwa jina la mji wa Ulaya ambao mwenye duka hajaukanyaga. Ndani, ukutani, pamechorwa jahazi limetweka tanga. Kwenye orodha ya vinywaji, juisi ya maembe imepewa jina la mchezaji mpira, ya ukwaju imeitwa kwa jina la sinema, na ya miwa imeachwa iwe miwa. Ukimaliza kunywa ukatoka, rafiki akakuuliza ulikuwa wapi na umekunywa nini, utajibu: "Pale karibu na msikiti, nimekunywa ya maembe." Jina la duka halikutajwa wala jina la kinywaji halikutajwa. Fedha za bango na za kuchapa orodha zimekwenda bure.

Jina la duka lina kazi tatu, ndugu msomaji. La kwanza, limvute mpita njia. La pili, limkae kichwani akishaondoka. La tatu, ambalo wengi hulisahau, liwe mlango wa kuingilia majina ya vitu vinavyouzwa ndani, hata mtu akisikia kimoja akumbuke kingine. Kazi hii ya tatu ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwani hapo ndipo maduka mengi yanapojikwaa.

Kila mtunga shairi anaijua shida hii kwa jina jingine. Ukitaka kina kimoja mpaka mwisho, ukishachagua kile cha ubeti wa kwanza umejifunga. Beti zote zitakazofuata hazina budi kukifuata. Mtunzi mgeni huchagua kina kitamu masikioni, lakini chenye maneno machache. Akifika ubeti wa tatu ameishiwa, anaanza kuokota maneno yasiyo na maana ili kina kikamilike. Jina la duka ni kina cha kwanza, na orodha ya vinywaji ni beti zinazofuata. Basi kabla ya kupaka rangi bango, swali si kama jina lapendeza tu. Swali ni je, lina maneno ya kutosha nyuma yake?

Hata wakubwa wa biashara hii ulimwenguni hawakusalimika. Chukua mfano wa Starbucks, duka la kahawa lililofunguliwa mwaka wa 1971 katika mji wa Seattle, Amerika. Jina lake limetoka baharini: Starbuck ni nahodha msaidizi katika hadithi ya wawinda nyangumi aliyoiandika Herman Melville na kuchapishwa mwaka wa 1851. Alama ya duka nayo ni ya baharini, nguva mwenye mikia miwili. Mpaka hapo jina na picha vyasemezana. Lakini ukiagiza kinywaji, bahari imetoweka, umejikuta Italia. Kikombe chaitwa "grande", yaani kikubwa kwa Kitaliani, na kingine "venti", yaani ishirini, kwa hesabu ya wakia zake. Sababu yake ni historia. Howard Schultz, aliyelikuza duka hilo, alipendezwa na mikahawa ya Milano, akafungua yake ya Kitaliani mwaka wa 1986, na mwaka uliofuata akalinunua duka la Starbucks. Basi jina likabaki la mabaharia na orodha ikawa ya Wataliani.

Atauliza mtu: mbona wamefanikiwa? Wamefanikiwa kwa sababu wana maelfu ya maduka na miaka mingi ya kuwafundisha watu maneno yao. Mwenye duka moja la Kibokoni au Majengo hana nguvu hizo. Yeye hana wa kumfundisha mteja ila jina lenyewe. Kwake yeye, jina na orodha visiposaidiana, hakuna kingine kitakachomsaidia.

Sasa tuje kwetu. Kwa sisi Waislamu wa pwani liko jambo la kwanza ambalo kijana hulifikiria akitaka jina zuri la duka la vinywaji, nalo ni vinywaji vya Peponi. Majina yamo ndani ya Kurani na yote ni matamu kutamka: Kauthari, Salsabili, Tasnimu. Tena kina chake chaonekana kina maneno tele. Duka liitwe Salsabili, juisi moja iwe Tasnimu, ya pili Kauthari, na chai ya tangawizi iwe Zanjabili, maana katika Suratul Insaan zanjabili yatajwa aya moja kabla ya Salsabili. Nani asingeipenda orodha hiyo?

Hukumu ya dini katika jambo hilo nawaachia masheikh, kwani ni kazi yao. Mimi nasema kwa upande wa biashara na adabu tu. Kwanza, jina la duka siku hizi haliishi juu ya mlango. Huchapwa kwenye vikombe vya karatasi, na kikombe kikishanywewa hutupwa. Asubuhi utaliona jina hilo ndani ya mtaro, limekanyagwa na mikokoteni. Wateja wako wenyewe, waliosoma chuoni kama wewe, hawatalipenda jambo hilo, na wengine watakuambia wazi. Pili, kina hicho hakifiki mbali kama kinavyodhaniwa. Ukiendelea utafika kwenye ile aya ya 15 ya Surat Muhammad inayotaja mito minne: wa maji, wa maziwa, wa mvinyo na wa asali. Mito mitatu waweza kuitia bilaurini. Huu mmoja utaufanyaje? Mvinyo wa Akhera si huu wa duniani, nalo ni jambo linalojulikana, lakini nani atasimama kaunta kutwa akimweleza kila mteja? Mkondo wa majina ambao wakufikisha mahali huwezi kutaja linalofuata si mkondo wa kujengea duka.

Basi tujaribu mkondo mwingine, na tuufuate mpaka mwisho ili tuone kazi yenyewe inavyofanywa. Tuseme kijana wa Mji wa Kale ataka kufungua duka la juisi na kahawa, na ameamua kwamba jina litoke katika pepo za bahari zilizowaleta wageni wetu na kuwarejesha kwao karne nyingi. Ni fikira njema, kwa sababu pepo hizo hazikuwa za mabaharia pekee. Ndizo zilizogawa mwaka wa pwani, na matunda pia hufuata mgawanyo huo huo. Hapa jina na bidhaa vina uhusiano wa kweli, si wa kubandika.

Jina la kwanza atakalolifikiria ni "Pepo". Ni wingi wa upepo, na ni jina fupi. Lakini pepo pia ni shetani wa kupunga, na mtu akisoma bango hilo jioni, atadhani ni kwa mganga. Jina la pili ni "Matanga", kwa kuwa upepo hujaza matanga. Hili ni baya zaidi, maana matanga ndiyo yale ya msiba, na hakuna atakayewaambia wenzake "twendeni Matanga tukanywe juisi" pasipo mtu kuuliza nani amefariki. Jina la tatu ni "Tanga Mbili", ambalo wazee wetu waliliita lile kipindi cha upepo usiotulia, wakati vyombo viwezapo kwenda huku na huku. Ni jina lenye utamu wake, ila wengi wa vijana hawalijui, na msikiaji wa simu atadhani ni mji wa Tanga. Kila jina lipimwe hivi, kwa kulitamka kwa sauti mbele ya watu wa rika mbalimbali, maana Kiswahili chetu hupenda kuweka maana mbili ndani ya neno moja.

Jina la nne ni "Msimu". Hili ndilo. Neno lenyewe limetokana na mausimu ya Kiarabu, nalo kwetu lina maana mbili zinazokubaliana: msimu wa upepo na msimu wa matunda. Kila mtu alijua, mtoto na mzee. Laandikika kama linavyotamkwa. Na kubwa kuliko yote, ni jina la mama. Kaskazi ni msimu, kusi ni msimu, demani ni msimu. Lau kijana angeliita duka "Kaskazi", kusi ingekuwa ndugu wa duka, si mtoto wake, na nusu ya mwaka bango lingekuwa likisema uongo. Kanuni ni hii: jina la duka liwe pana kuliko kila jina lililo katika orodha, wala lisiwe pana hata likakubali chochote. "Bahari" ni pana mno; humo mna samaki, mna chumvi, mna kila kitu. "Msimu" una mipaka.

Sasa orodha. Kijana asikimbilie kuvipa majina vinywaji vyote. Maji yabaki maji, dafu libaki dafu, kahawa chungu ibaki kahawa chungu, na sambusa na mahamri vibaki na majina yao, kwa maana vina majina yenye nguvu kuliko lolote litakalobuniwa. Wala vipimo visibuniwe: kubwa ni kubwa na ndogo ni ndogo. Majina ya mkondo yawekewe vile vinywaji vya nyumba tu, ambavyo duka lataka vijulikane kuwa ni vyake. Sita vyatosha.

Cha kwanza ni Kaskazi: maembe na ndimu. Kaskazi huvuma takriban kutoka Desemba mpaka Machi, na huo ndio wakati maembe ya pwani yamejaa sokoni. Cha pili ni Kusi: machungwa matupu, kwani kusi ikishatulia, katikati ya mwaka, machungwa huwa tele. Cha tatu ni Maleleji, yaani ule upepo wa kugeukageuka baina ya misimu miwili. Hicho ni mchanganyiko wa matunda yaliyopatikana siku hiyo, na kila siku ladha yake ni nyingine. Cha nne ni Kiangazi: ukwaju wa baridi wenye barafu, wa kukata kiu ya jua. Cha tano ni Kipupwe, jina la kile kipindi cha baridi yetu ndogo: maziwa ya moto kwa tangawizi. Cha sita ni Demani, wakati bahari imelala na upepo ni wa upole: ubuyu mweupe na maziwa, kinywaji laini kisichokwaruza koo.

Tazama jinsi vilivyogawanyika. Viwili vyafuata msimu na vitapotea sehemu ya mwaka. Kimoja hugeuka na kilichopo. Vitatu vyatokana na vitu vikavu au vinavyowekeka, ukwaju, ubuyu na tangawizi, navyo vyapatikana mwaka mzima. Hivyo ndivyo vitakavyolibeba duka maembe yakiadimika. Mgawanyo huo haukufanywa ili majina yapendeze. Umefanywa kwa sababu mwenye duka asiyekuwa nao atakaa Julai bila cha kuuza, au atanunua embe kwa bei ya kumtia hasara. Jina zuri likikutana na mpango mzuri wa ununuzi, kila kimoja humtetea mwenziwe. Mteja akija Julai akataka Kaskazi, jibu liko tayari: "Haijavuma bado, bwana. Sasa ni Kusi." Upungufu uliokuwa aibu umekuwa sehemu ya duka.

Lakini jina hilo lina deni lake, na deni hilo lilipwe. Mwenye duka akianza kuuza Kaskazi mwezi wa Julai kwa rojo ya maembe ya kopo, amelivunja jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Duka jingine lingefanya hivyo na mtu asiseme neno. Yeye ameandika "Msimu" juu ya mlango, basi ameahidi. Asiyeweza kuitimiza ahadi hiyo achague mkondo mwingine.

Liko tatizo jingine ambalo mwenye duka wa pwani asilisahau, nalo ni Ramadhani. Wakati huo wa futari ndio wakati wa vinywaji vitamu kuuzwa sana, na kishawishi ni kutunga kinywaji cha Ramadhani katika mkondo huo huo wa pepo. Asifanye hivyo. Mwezi wetu hufuata mwandamo, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja katika hesabu ya jua. Mwaka wa 2016 Ramadhani ilianza Juni, katika kusi. Mwaka wa 2024 ilianza Machi, kaskazi ikimalizika. Pepo hazihami pamoja na mwezi. Wazee wetu waliijua tofauti hii, ndiyo sababu mabaharia na wakulima walikuwa na hesabu yao ya Nairuzi, wakihesabu siku za mwaka wa jua kwa miongo, na hesabu ya mwezi wakaiacha kwa ibada. Basi wakati wa futari duka na litoe kile ambacho msimu umekileta, bila jina jipya. Ramadhani ikiangukia kaskazi watu watafuturu kwa Kaskazi. Ikiangukia kusi watafuturu kwa Kusi.

Tena kila jina katika ubao liandikwe pamoja na maelezo yake ya wazi chini yake: "Demani: ubuyu mweupe na maziwa." Wapo wanaofikiri kuficha kunaongeza hamu. Kunaongeza hofu. Mtu asiyekunywa maziwa kwa sababu ya tumbo lake ana haki ya kujua kabla hajalipa, na mgeni asiyejua demani ni nini hatauliza mara mbili, ataagiza soda. Vilevile jina lisikisingizie kinywaji. Kipupwe kikitolewa na barafu ni mzaha. Na jina la Tufani lingeingia vizuri katika mkondo wa pepo, lakini ni nani atakayekunywa tufani akaingia nalo katika matatu ya kwenda Kilifi?

Kabla ya kupaka rangi, majaribio mawili hayagharimu kitu. La kwanza ni la karatasi: kaa uandike majina kumi ya mkondo wako, hata kama utatumia sita tu. Ukikwama kwenye la nne, kina chako ni finyu, kibadilishe sasa. La pili ni la simu: mpigie mtu asiyelijua jambo hili, mtajie jina la duka na vinywaji vitatu, kisha mwambie avitaje na kuviandika. Alichokikosea yeye, watakikosea wengi, na wengine watalitafuta duka kwenye ramani ya simu wasilione.

La tatu hufanywa duka likishafunguliwa mwezi mmoja, nalo ni kusikiliza tu. Mteja anayerudi aagiza vipi? Akisema "Nipe Kusi", jina limeingia. Akisema "nipe ile ya machungwa", au akinyoosha kidole ubaoni, jina halikuingia. Likiwa moja katika sita, liondoe ubakishe jina la tunda. Yakiwa yote sita, kosa si la wateja.

Limebaki jambo la sheria, ambalo vijana hulichanganya. Kusajili jina la biashara serikalini kwaruhusu ufanye biashara kwa jina hilo. Hakukupi milki ya neno. Anayetaka kulilinda jina huenda kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, yaani KIPI, akalisajili kama alama ya biashara, nayo hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa. Huko bidhaa zimegawanywa kwa mafungu: huduma ya mkahawa ni fungu la 43, na juisi ya kutiwa chupani ni fungu la 32, basi mwenye nia ya kuuza chupa madukani aombe yote mawili. Neno linaloeleza bidhaa tupu, kama "Juisi Tamu", hukataliwa, kwani ni mali ya watu wote. "Msimu" halielezi juisi moja kwa moja, lakini ni neno la kila siku na ulinzi wake huenda ukawa mwembamba. Afadhali liombewe pamoja na mchoro wake, na daftari la alama lipekuliwe kwanza kabla ya kutoa hata shilingi moja ya bango.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Juisi mbovu haitaokolewa na jina lolote, na sikudai hivyo. Ila juisi njema yenye majina yasiyosemezana hunywewa ikasahauliwa, na mwenye duka la pili mtaani, mwenye juisi ya kawaida na majina yanayokwenda pamoja, ndiye atakayetajwa barazani. Lugha tunayo, na maneno yake ya bahari, ya mvua, ya jikoni na ya shamba yamelala akibani. Hayauzwi wala hayaagizwi kutoka ng'ambo. Anayeyataka aende akakae na wazee usiku mmoja, na kalamu mkononi.